Homa ya Bonde la Ufa: mbuzi wanapotupa mimba kwa mkupuo

Homa ya Bonde la Ufa ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, na jina lake limetoka Kenya, ulikotambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Aina fulani za mbu hutaga mayai yenye virusi ndani yake, na mayai hayo huweza kukaa kwenye udongo mkavu miaka kadhaa. Mvua kubwa ikijaza mabonde, huanguliwa. Bahari nayo si kinga: Mayotte, kisiwa cha Bahari ya Hindi kama vyetu vya Unguja na Pemba, kilipata mlipuko mwaka 2018 na 2019. Mnyama mwenye virusi huvuka kwa chombo kama mnyama mwingine yeyote.

Tuchukue mfano wa mfugaji wa Micheweni mwenye mbuzi majike kumi wenye mimba. Masika yamekuwa makubwa, bonde la mpunga limejaa maji. Jike mmoja akitupa mimba, sababu ni nyingi, hata kupigwa pembe. Lakini ndani ya siku chache wakitupa sita, mmoja wa miezi miwili, mwingine wa minne, na vitoto vilivyozaliwa juzi vikafa ghafla, hapo shaka iwe kubwa. Ugonjwa wa kutupa mimba uliozoeleka, brusela, mara nyingi huangusha mimba kubwa. Huu hauchagui umri wa mimba. Hata hivyo uhakika hutoka maabara, kwa damu iliyochukuliwa na daktari wa mifugo.

Hatari ya mfugaji huyo haiko kwa mbu peke yake. Kijusi, kondo la nyuma, damu na majimaji ya uzazi vimejaa virusi, navyo hupenya kwenye mchubuko wa mkono au kwa kurukia machoni na mdomoni. Ndiyo maana mtu anayemvuta mwanambuzi aliyekwama, mchinjaji na mchunaji huwa wa mwanzo kuugua. Jike anayekata roho asichinjwe ili kuokoa nyama. Mzoga usipasuliwe kutazama ini. Avae glavu, na kama hana, afunge mikono kwa mifuko ya plastiki isiyotoboka, afukie kijusi na kondo shimo refu lisilofukuliwa na mbwa, kisha aoshe mikono kwa sabuni, ambayo huua virusi hivi. Maziwa yachemshwe. Kuwachanja wanyama wakati ugonjwa umeshaingia zizini kuna ubaya wake, kwani sindano moja ikipita kwa wengi hubeba virusi.

Kwa mtu, homa huanza baada ya siku 2 hadi 6, pamoja na maumivu ya misuli na kichwa. Wengi hupona wenyewe, ila wachache huona ukungu machoni, huchanganyikiwa au hutoka damu. Kwa kuwa inafanana na malaria, mgonjwa amwambie daktari waziwazi: "Nilishika mbuzi aliyetupa mimba." Asiposema, kipimo cha malaria kitatoka safi na atarudishwa nyumbani na panadoli.