PRN ya mwezi mwingine: kuhamisha ushuru uliolipwa mahali pasipo pake

Nchini Kenya hulipi ushuru kwa kutuma pesa tu. Kwanza unaingia iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya ushuru, KRA, unachagua aina ya ushuru na kipindi, kisha mfumo unakupa PRN, nambari ya malipo hayo pekee. Pesa zikiingia, KRA haitazami ulichokusudia. Inaziweka pale PRN inapoelekeza.

Chukua mwenye duka aliyewakata wafanyakazi wake PAYE, ushuru wa mishahara, ya Machi 2025, jumla sh 18,600. Siku ya mwisho ni tarehe 9 Aprili, naye analipa tarehe 7. Lakini alipokuwa akitengeneza PRN alichagua Februari, mwezi aliokwisha kuulipia. Sasa leja yake, yaani rekodi ya madeni na malipo yake ya ushuru, ina mambo mawili: Februari ina ziada ya 18,600, Machi ina deni la 18,600. Deni hilo linavuta faini ya asilimia 5, yaani sh 930, na riba ya asilimia 1 kila mwezi, sh 186. Inauma, kwa sababu mtu huyu alilipa mapema.

Kuhamisha malipo ni kuiomba KRA itoe ziada ya Februari na kuiweka Machi. Si kurudishiwa pesa, na tofauti hiyo iandikwe wazi kwenye barua, maana ombi la kurudishiwa hufuata njia yake ya ukaguzi, ndefu zaidi. Barua inakwenda kwa ofisi ya KRA inayosimamia faili lako. Taja PIN, PRN, kiasi, tarehe ya malipo, mahali pesa zilipo na mahali unapotaka ziende. Ambatanisha hati ya PRN, risiti ya benki au ya simu, na nakala ya leja inayoonyesha ile ziada. Bila leja, afisa hana pa kuanzia.

Kabla ya kuandika, hakikisha ritani za miezi yote miwili zimewasilishwa. Kama ya Februari haipo au ina kosa, hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba ile 18,600 ni ziada.

Pesa zikiwa zimeingia kwa PIN ya mtu mwingine, jambo linakuwa gumu. Leja ni siri ya mwenyewe, kwa hiyo huwezi kuombea uhamisho peke yako. Mwenye PIN hiyo anapaswa kukubali kwa maandishi kwamba malipo si yake. Mtafute kwanza.

Katika barua omba pia malipo yahesabiwe kwa tarehe yake ya kwanza, 7 Aprili, na ile faini na riba ziondolewe. Ukijibiwa kwamba uhamisho umefanyika, fungua leja tena. Deni la Machi linaweza kuwa limefutika huku sh 930 bado zimesimama mstari wa chini, zikidaiwa.