Kadi inasema hivi, injini inasema vile: gari hili ni lipi hasa?

*"Nimepata Fielder kwa bei nzuri, lakini namba ya injini iliyo kwenye kadi si ile iliyogongwa kwenye injini. Muuzaji anasema injini ilibadilishwa tu. Nitajuaje kama ni kweli, au kama gari ni la wizi?"*

Huenda anasema kweli. Injini ni kipuri: inakufa, inanunuliwa nyingine iliyotumika, inafungwa, maisha yanaendelea. Wamiliki wengi hawaendi kurekebisha kadi baada ya hapo, kwa uvivu au kwa kukwepa gharama. Kwa hiyo namba ya injini ikitofautiana peke yake, ni swali la kuuliza, bado si ushahidi wa wizi. Namba ya chesisi haina utetezi huo, kwa sababu bodi ya gari haibadilishwi kama gia boksi. Ndiyo maana mtu anayeuza gari lenye utambulisho wa kuazima hufurahi sana ukishughulika na injini. Ana jibu lake tayari, na wewe ukiridhika nalo hutainama tena kuangalia kitu kingine.

Magari mengi tunayonunua yametumika Japani kwanza, na yale yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumika kwingineko. Yana namba fupi ya fremu, ambayo ndiyo namba ya chesisi yao, kwa mfano NZE141-6xxxxxx. Sehemu ya mbele ya namba hiyo inasema mambo. Kwa Toyota, NZ ni familia ya injini na E ni ukoo wa Corolla, ambamo Fielder na Axio zimo. Tarakimu zinazofuata hutofautisha matoleo: NZE141 ni gari la sisi 1500 linalovuta kwa matairi ya mbele, NZE144 ni ndugu yake anayevuta kwa matairi yote manne, na ZRE142 ana injini ya sisi 1800. Ukijua hilo tu, namba inakuwa maelezo ya gari unaloweza kuligusa, na maelezo hayo yanapimika.

Namba hiyo iko mahali patatu. Iko kwenye kadi. Iko kwenye kibati kidogo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, pamoja na modeli, aina ya injini, na msimbo wa rangi. Kisha imegongwa kwenye chuma cha bodi yenyewe. Toyota nyingine hugongwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini, nyingine sakafuni chini ya kapeti la kiti cha mbele. Kadi ndiyo rahisi kuliko zote kughushi. Kibati kinafuata: kinatolewa kwa drili na kupachikwa kingine kwa riveti mbili. Namba iliyogongwa ni ngumu zaidi, lakini nayo huchezewa. Kinachobaki ni gari lenyewe, na hilo halina mtu anayelibadilisha lote.

Chukua mfano huu. Kadi ya Fielder inasema NZE141, mwaka 2008, rangi ya fedha, sisi 1490. Kibati kinasema vilevile, na msimbo wa rangi ni 1F7, ambao kwa Toyota ni fedha kweli. Namba iliyogongwa kwenye bodi inasoma sawa na kadi. Injini ni 1NZ kama inavyotakiwa, ila tarakimu zake si za kwenye kadi. Mpaka hapo hadithi ya muuzaji inasimama vizuri kabisa.

Ile sisi 1490 isikusumbue, kwa njia. Injini ya 1NZ-FE ina sisi 1496, lakini cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani huandika 1.49, na karani wa huku akinakili anapata 1490. Mwaka nao huteleza, maana cheti hicho hutaja lini gari lilisajiliwa Japani kwa mara ya kwanza, na gari linaweza kuwa limetoka kiwandani miezi kadhaa kabla. Tena cheti kinataja aina ya injini, yaani 1NZ, bila namba yake kamili. Namba kamili iliyo kwenye kadi aliisoma mtu na kuiandika baadaye, na kwenye injini yenye mafuta na vumbi, B husomeka 8 na D husomeka 0. Tofauti ya herufi moja inayofanana na nyingine ni kosa la kalamu. Tofauti ya namba nzima ni injini nyingine.

Sasa fundi analala chini ya gari na tochi. Katikati anaona propela shafti, na nyuma anaona difu. NZE141 haina difu nyuma. Gari analolitazama ni NZE144, na hakuna fundi mwenye akili timamu atakayeligeuza gari la kuvuta mbele livute matairi manne kwa gari la bei hii: ni kubadilisha gia boksi, shafti, ekseli ya nyuma na mengine, kwa gharama inayokaribia ya gari lingine. Namba inaelezea gari moja, chuma kilichopo ni cha gari jingine. Injini imeshaacha kuwa na maana hapo.

Ukishapata alama moja ya namna hiyo, nyingine hujitokeza zenyewe. Vuta mpira wa mlango kidogo pembeni: chini yake kuna weupe. Fungua kifuniko cha mafuta, inua kapeti la buti, angalia nyuma ya taa: weupe tena. Mtu anayebadilisha rangi kwa heshima zake hupaka pia sehemu hizo au haoni haya kusema gari lilikuwa jeupe, na huomba kadi ibadilishwe. Kisha vuta mikanda ya viti hadi mwisho. Chini kabisa mara nyingi kuna kilebo cha kitambaa chenye tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa gari lilisajiliwa Japani 2008 na mikanda yote ni ya 2010, bodi imezaliwa baada ya hati zake. Kioo kimoja kinaweza kuwa kipya kwa sababu kilipasuka. Mikanda yote mitano haipasuki.

Inabaki namba iliyogongwa, ambayo kwenye mfano wetu inasoma sawa na kadi. Hapo pana kazi ya macho zaidi ya kusoma. Safisha kwa kitambaa na mafuta ya taa, usitumie msasa, maana ukikwaruza unaharibu ushahidi na mkwaruzo utakuwa wako. Herufi za kiwandani zina kina kimoja, nafasi sawa, na zimesimama kwenye mstari. Zilizogongwa kwa nyundo moja moja hupanda na kushuka, moja imezama, nyingine imegusa tu. Kama yadi ina Fielder nyingine, weka karatasi juu ya namba zote mbili, sugua kwa penseli, kisha linganisha umbo la 4 na la 1. Kulinganisha huku ndiko ninakokuamini kuliko jicho la mtu yeyote anayejidai mzoefu, kwa sababu hakuna anayekumbuka umbo la 4 la Toyota kichwani.

Mara nyingine herufi ni za kiwandani kweli, na hapo ndipo watu wengi hulaghaiwa. Mhalifu hununua gari lililobondeka vibaya pamoja na kadi yake halali, hukata kipande cha bati chenye namba, na kukichomelea kwenye gari la wizi la aina ileile. Namba inasoma vizuri, ni halisi, ila imehama. Usiangalie namba, angalia kingo zake. Pitisha kidole sentimita chache kuzunguka: utasikia mgongo wa kuchomelea au ulaini wa fila. Pakague na upande wa pili wa bati hilo, chini ya dashibodi au chini ya gari, kwa sababu watu hupiga msasa upande unaoonekana na kuusahau ule mwingine. Rangi au lami ya kuzuia kutu iliyo mpya hapo tu, wakati kwingine kote ni vumbi la miaka, inatosha kukufanya ufunge pochi.

Kama namba ya zamani ilisagwa kwa grainda na mpya kugongwa juu yake, maabara ya polisi inaweza kuirudisha. Namba ikigongwa, chuma kilicho chini ya herufi hukandamizwa kwa kina zaidi ya kinachoonekana, na mkandamizo huo hubaki hata herufi ikiondolewa. Tindikali maalumu ikipakwa juu ya chuma kilichong'arishwa hula sehemu zilizokandamizwa tofauti na zingine, na namba ya kwanza hujitokeza kama kivuli. Lakini bati likiwa limekatwa na kuondolewa hakuna cha kurudisha, ndiyo sababu wajanja wamehamia kwenye kuchomelea.

Kuna aina moja ambayo ukaguzi wote huu unaweza kuipita: pacha. Gari la wizi linatafutiwa gari halali la modeli, rangi na toleo lilelile, kisha linapewa namba zake zote, pamoja na namba ya usajili. Hapo kadi, kibati na difu vinaweza kukubaliana. Kinachokosekana ni historia. Namba moja ya usajili haiwezi kuwa mahali pawili, kwa hiyo tafuta mahali ambapo mwenzake ameacha nyayo: faini za barabarani za mkoa ambao muuzaji anasema gari halijawahi kufika, bima iliyokatwa na kampuni asiyoijua, jina la mmiliki kwenye utafutaji rasmi, wa NTSA kwa Kenya au TRA kwa Tanzania, lisilolingana na kitambulisho cha aliyesimama mbele yako. Utafutaji huo ufanye mwenyewe. Karatasi ya matokeo aliyokuja nayo muuzaji nayo ni karatasi tu.

Ukikuta bodi imekataa namba yake, usimwambie muuzaji ulichokiona. Sema utarudi na mwenzio, ondoka, peleka namba na picha polisi. Kulinunua kwa nia njema hakukupi umiliki: gari la wizi hurudi kwa mwenyewe, na wewe unabaki ukimdai mtu ambaye simu yake haipatikani.

Na ikiwa ni injini tu kweli, kila kitu kingine kimelala sawa, basi mwambie muuzaji arekebishe kadi kwanza kwa jina lake mwenyewe, akiwa na risiti ya injini na gari likakaguliwe, ndipo ulipe. Aliyebadilisha injini kihalali atalalamikia usumbufu na foleni, halafu ataenda. Injini nayo ina namba, na namba hiyo inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu mwingine lililoibwa na kuchanwa spea. Ukiikubali bila risiti, siku askari akifungua boneti atakayeulizwa ilikotoka ni wewe.