Jaribio la t la jozi au la sampuli huru? Namba zilezile, majibu mawili

*Nimewapima watu walewale presha kabla ya programu ya mazoezi na baada yake, kwa hiyo nina safu mbili za namba. Nitumie jaribio la t la jozi au lile la sampuli mbili huru? Na nikichagua vibaya, kuna hasara gani?*

Tumia la jozi, mradi unajua kila namba ya "baada" ni ya nani. Hasara ya kukosea inaonekana upesi zaidi kwenye hesabu kuliko kwenye maelezo, kwa hiyo nimetunga mfano mdogo unaoweza kuukokotoa kwa kalamu. Watu 8 wenye presha ya kupanda wanapimwa ile namba ya juu, wanatembea kwa kasi kila siku kwa wiki 12, kisha wanapimwa tena.

| Mtu | Kabla | Baada | Punguzo |
|---|---|---|---|
| 1 | 148 | 143 | 5 |
| 2 | 162 | 155 | 7 |
| 3 | 139 | 137 | 2 |
| 4 | 155 | 149 | 6 |
| 5 | 171 | 163 | 8 |
| 6 | 144 | 141 | 3 |
| 7 | 158 | 150 | 8 |
| 8 | 151 | 150 | 1 |

Wastani wa kabla ni 153.5, wa baada ni 148.5. Presha imeshuka kwa 5, na hapo majaribio yote mawili yanakubaliana. Yanakoachana ni kwenye swali la pili: hiyo 5 ni kubwa ukiilinganisha na nini?

Jaribio la sampuli huru linailinganisha na tofauti zilizopo kati ya mtu na mtu. Mchepuko sanifu wa safu ya kabla ni 10.27, wa safu ya baada ni 8.25. Ukiviunganisha kwa kanuni ya jaribio hilo unapata kosa sanifu la 4.66. Gawa 5 kwa 4.66, t inakuwa 1.07, na thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivi au zaidi kwa bahati tu, ni kama 0.30. Ukiishia hapo utaandika kwamba hujaona ushahidi wa mabadiliko yoyote.

Sasa tazama safu ya mwisho peke yake. Wote 8 wameshuka, hakuna hata mmoja aliyepanda. Jaribio la jozi linafanya kazi na safu hiyo tu. Zile nyingine mbili linazisahau kabisa. Wastani wa punguzo ni 5, mchepuko wake sanifu ni 2.73. Gawa 2.73 kwa kipeuo cha pili cha 8, upate kosa sanifu la 0.96. Hapo t ni 5.19 kwa digrii 7 za uhuru, na p ni takriban 0.001. Watu ni walewale na namba ni zilezile, lakini hitimisho limegeuka.

Kilichotokea ni hiki. Mtu wa 3 alianza na 139, wa 5 akaanza na 171. Kati yao kuna pengo la 32, na pengo hilo halihusiani na kutembea hata kidogo: wamekuja nalo, kwa umri wao, uzito wao na damu waliyorithi. Jaribio la sampuli huru halina namna ya kujua kwamba 171 ya kabla na 163 ya baada ni za mtu mmoja, basi linalihesabu pengo lote hilo kama kelele, na katika kelele kubwa hivyo sauti ya 5 haisikiki. Unapotoa baada kutoka kabla, urithi wa kila mtu unajifuta wenyewe kwa sababu upo pande zote mbili za alama ya kutoa. Kinachobaki ni mabadiliko yake.

Kwa lugha ya kanuni:

```
Var(d) = s1² + s2² − 2·r·s1·s2
```

Hapa `d` ni punguzo, `s1` na `s2` ni michepuko sanifu ya kabla na ya baada, na `r` ni kipimo cha jinsi namba za kabla na za baada zinavyofuatana. Katika mfano wetu ni 0.98, yaani aliyekuwa juu alibaki juu na aliyekuwa chini alibaki chini. Mitawanyiko miwili, `s1²` ya 105.4 na `s2²` ya 68.0, inajumlika kuwa 173.4, kisha sehemu ya mwisho inaondoa 166.0 na kubakiza 7.4. Faida yote ya jozi imo katika kutoa huko. `r` ikiwa sifuri, hakuna cha kutoa, na umelipa bure: digrii zako za uhuru zimepungua kutoka 14 hadi 7. Kipimo chenye makosa mengi, kwa mfano presha iliyopimwa mara moja tu mtu akiwa bado anahema, huishusha `r` na kula faida hiyo.

Hata hivyo usichague jaribio kwa kuitazama `r`, na zaidi ya hapo usichague kwa kuitazama p. Utafiti ulivyopangwa ndio unaoamua. Mimi hujiuliza hivi: nikichanganya mpangilio wa safu moja huku nyingine nikiiacha ilivyo, je, nimepoteza taarifa yoyote? Kama nimepoteza, ni jozi. Kama sijapoteza, makundi ni huru, hata yakiwa na idadi sawa ya watu. Idadi sawa huwadanganya wengi, kwa kuwa programu ya kompyuta itakubali kwa furaha kumwoanisha mtu wa kwanza wa kundi moja na mtu wa kwanza wa kundi jingine ambao hawajawahi hata kukutana.

Kwenye Excel, namba ya mwisho ndani ya mabano ndiyo inayochagua jaribio: 1 ni jozi, 2 ni sampuli huru zenye mtawanyiko sawa, 3 ni sampuli huru zisizolazimika kuwa na mtawanyiko sawa. Chini yake ni amri ya R, programu ya takwimu.

```
=T.TEST(B2:B9,C2:C9,2,1)
```

```r
t.test(kabla, baada, paired = TRUE)
```

Ukisahau `paired = TRUE`, R haitakuonya. Itafanya jaribio la sampuli huru kimyakimya. Kagua digrii za uhuru kwenye majibu: watu 8 kwa jozi lazima waonyeshe `df = 7`. Ukiona namba karibu na 13 au 14, umepotea njia.

Tatizo hili halikuanza na kompyuta. William Sealy Gosset, mwanakemia wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, alipochapisha jaribio hili mwaka 1908 kwa jina la "Student", moja ya mifano yake ilikuwa wagonjwa 10 waliojaribiwa dawa mbili za usingizi, kila mgonjwa zote mbili. Data hiyo bado imo ndani ya R kwa jina `sleep`. Ukiipima kwa jozi p ni 0.003, ukijifanya ni wagonjwa 20 tofauti, ni 0.079.

Kosa ambalo mimi mwenyewe nimelifanya ni la kupanga safu. Nilitaka kuona namba ndogo na kubwa, nikapanga safu ya kabla kutoka ndogo hadi kubwa, kisha ya baada vivyo hivyo, kila moja kivyake. Jozi zote zikavunjika bila alama yoyote ya hatari, kwani wastani haubadiliki. Baya zaidi, kupanga hivyo huzifanya safu zifuatane kuliko zilivyofuatana kweli, kwa hiyo matokeo hupendeza. Kwenye mfano wetu t ingepanda kutoka 5.19 hadi 5.64. Dawa yake ni safu ya utambulisho wa mtu, na kila unapopanga, panga jedwali lote kwa pamoja.

Utambulisho huohuo ndio unaokosekana kwenye dodoso lisilo na majina. Watu 60 wamejibu kabla ya mafunzo, 52 wamejibu baada, na hakuna ajuaye karatasi ipi ni ya nani. Jozi zipo duniani lakini hazipo kwenye data. Hapo wengi hulazimika kutumia jaribio la sampuli huru, ingawa sampuli si huru; `r` ikiwa chanya, kama ilivyo kawaida, kosa hilo hufunika mabadiliko yaliyopo badala ya kubuni yasiyopo. Kuomba kila mtu ajitungie msimbo wa siri siku ya kwanza kungezuia yote haya, na wale 8 ambao hawakujibu tena wangejulikana ni akina nani. Maana kama walioacha ndio waliokuwa na alama za chini, wastani wa baada utapanda hata kama hakuna aliyebadilika.

Kuhusu sharti la umbo la kengele, usihangaike na safu za kabla na baada. Kwenye jozi sharti linahusu tofauti tu. Zichore kama nukta kwenye mstari mmoja. Ukiona moja imekimbia mbali na wenzake, rudi kwenye fomu ya kipimo kwanza, na kama ni halali, jaribu pia jaribio la Wilcoxon la jozi uone kama hitimisho linasimama.

Lakini p ya 0.001 haisemi kwamba kutembea ndiko kulikoshusha presha. Inasema tu kwamba imeshuka kuliko bahati ya kawaida inavyoweza kueleza. Ikiwa watu hawa walichaguliwa kwa sababu siku hiyo kipimo chao kilikuwa juu, baadhi walikuwa juu kwa siku hiyo tu, na wangerudi karibu na kawaida yao hata wakikaa kitako wiki zote 12. Jaribio la jozi halitofautishi mambo hayo mawili. Linalotofautisha ni kundi la pili, watu waliogawanywa kwa kura, wakapimwa mara mbili vilevile bila kutembezwa.

Ukiwa na kundi hilo, majaribio yote mawili yanakutana: unatoa baada kutoka kabla kwa kila mtu, halafu unalinganisha mapunguzo ya makundi mawili kwa jaribio la sampuli huru. Usifanye jaribio la jozi kwa kila kundi kisha ukashindanisha thamani za p. Tuseme watu 8 wasiotembea nao walishuka kwa wastani wa 3, mchepuko sanifu 3.0. Jaribio lao la jozi lingetoa p karibu 0.025, nao wangeonekana "wamefanikiwa" kwa programu ambayo hawakuifanya. Swali lenyewe ni 5 dhidi ya 3. Tofauti ni 2, kosa sanifu ni 1.43, t ni 1.40, p kama 0.18. Mchango wa kutembea unaweza kuwa popote kati ya kushusha 5.1 na kupandisha 1.1, na kwa watu 16 huwezi kuubana zaidi ya hapo.