Risiti mbili zimeingia benki kama hela moja: unazipataje bila kujaribu kila moja na kila moja?

Kwenye kitengo chetu cha mafunzo ya kompyuta watu wa maduka wanakuja sana na hili. Kijana wa dukani kauza siku nzima, jioni kabeba hela za risiti mbili kazipeleka benki kwa mkupuo mmoja, sasa kwenye taarifa ya benki inaonekana 44,500 na kwenye kitabu hakuna mauzo ya 44,500. Mhasibu anataka kujua ni risiti zipi mbili.

Tuchukue risiti nane, kama zilivyoandikwa: 12,500, 31,000, 7,000, 22,500, 18,000, 40,000, 26,500 na 9,500. Wengi wanafanya hivi, wanashika ya kwanza wanaijumlisha na zote zilizobaki, kisha wanashika ya pili, hivyo hivyo mpaka ipatikane. Kwa nane sio mbaya, ni jozi 28 tu. Ila risiti zikifika laki moja jozi zinakaribia bilioni tano, hapo hata kompyuta utaiacha inahema uende ukale urudi.

Njia nyingine ni kuzipanga kwanza kutoka ndogo kwenda kubwa:

7,000 – 9,500 – 12,500 – 18,000 – 22,500 – 26,500 – 31,000 – 40,000

Halafu weka kidole cha kushoto kwenye ndogo kabisa na cha kulia kwenye kubwa kabisa. Jumlisha, 7,000 na 40,000 ni 47,000, imezidi. Sasa hapa ndo penyewe, usipite haraka. Hiyo 40,000 imekaa na mwenzake mdogo kuliko wote na bado imezidi, kwa hiyo ukiipa mwenzake mwingine yeyote itazidi zaidi au itabaki palepale. Haina kazi tena, itupe, kidole cha kulia kisogee kwenye 31,000. Ona kwamba kwa jumla moja umeua jozi saba, sio moja.

7,000 na 31,000 ni 38,000, haifiki. Geuza mawazo yale yale: 7,000 imepewa mwenzake mkubwa kuliko wote waliobaki na bado haifiki, basi haitafika na yeyote, itupe, kidole cha kushoto kisogee. 9,500 na 31,000 ni 40,500, haifiki, songa. 12,500 na 31,000 ni 43,500, karibu lakini haifiki, songa. 18,000 na 31,000 ni 49,000, imezidi, rudisha cha kulia. 18,000 na 26,500 ni 44,500. Hiyo hapo, jumla sita badala ya 28.

Kila kidole kinakwenda upande wake mmoja tu, hakirudi kilikotoka, na kila hatua inatupa risiti moja, kwa hiyo risiti laki moja haziwezi kuzidi hatua laki moja. Gharama kubwa inabaki kwenye kule kupanga, nako ni kama milioni moja na laki saba za kulinganisha, kompyuta ya kawaida inamaliza muda mfupi tu.

Kwa Python inakuwa hivi, `risiti` ikiwa orodha ya viasi na `lengo` ikiwa hela iliyoonekana benki:

```python
risiti.sort()
a, b = 0, len(risiti) - 1
while a < b:
    jumla = risiti[a] + risiti[b]
    if jumla == lengo:
        print(risiti[a], risiti[b])
        break
    if jumla > lengo:
        b -= 1
    else:
        a += 1
```

Angalia ile `a < b`. Kuna wanaoandika `a <= b` wakiona ni kitu kidogo. Jaribu kutafuta 45,000 kwenye risiti zetu, hakuna jozi inayotoa hiyo, lakini vidole vitasogea mpaka vyote viwili vikutane juu ya 22,500, na programu yenye `<=` itaijumlisha na yenyewe ikwambie imepata. Risiti moja imehesabiwa mara mbili, na mhasibu asipofungua karatasi atapitisha tu.

Kosa lingine limetutesa wenyewe siku nzima, manake halikupiga kelele yoyote. Tulisoma kiasi kutoka kwenye faili, na vitu vinavyosomwa kwenye faili vinaingia kama maandishi, sisi tukapanga kwanza ndo tukaja kuvigeuza namba wakati wa kujumlisha. Maandishi yanapangwa kama kwenye kamusi, herufi ya kwanza kwanza, kwa hiyo 12500 inakaa mbele na 7000 na 9500 zinaenda mwisho kabisa. Ukitembeza vidole kwenye mpangilio huo ukitafuta 44,500 vinakutana juu ya 40,000 huku 18,000 na 26,500 zimeshatupwa njiani, programu inakwisha kimya kana kwamba jozi haipo. Kwenye JavaScript ndo mtego zaidi, hata ukiwa na namba halisi `sort()` tupu inazipanga kama maandishi, lazima uandike `sort((x, y) => x - y)`. Dawa yetu siku hizi, baada ya kupanga tunachapisha namba chache za mwanzo na za mwisho tunaziangalia kwa macho. Sekunde tano.

Na kupanga kunaharibu mpangilio wa zamani, hujui tena 18,000 ilikuwa risiti ya ngapi. Usipange viasi vitupu, panga kila kiasi kikiwa kimefungwa pamoja na namba ya risiti yake.

Sasa kuna mjuzi atasema kwani kupanga kwa nini, weka kila kiasi kwenye kamusi ya Python, ukishika 26,500 uliza kama 18,000 imeshapita, unapita mara moja tu bas. Ni kweli, na kama unataka jumla kamili tu na memori ipo mimi mwenyewe nafanya hivyo. Shida inakuja pale hela ya benki inapokuwa imekatwa. Tuseme wametoa 500 ya makato, imeingia 44,000. Kamusi ukiiuliza itajibu hakuna, na haijui kukwambia nini kiko karibu. Vidole vinajua, kwa sababu vinapita juu na chini ya lengo muda wote, wewe kazi yako ni kukumbuka jumla nzuri kuliko zote ulizopita.

Ila fikiria nzuri ni ipi. Ukisema tu iliyo karibu zaidi na 44,000 utapata mbili zinazolingana, 43,500 ya 12,500 na 31,000, na 44,500 ya 18,000 na 26,500, zote ziko mbali kwa 500. Lakini makato yanapunguza, hayaongezi, kwa hiyo mauzo hayawezi kuwa chini ya kilichoingia benki. Kumbuka jumla ndogo kuliko zote ambayo haiko chini ya lengo, kisha endelea kusogeza kama kawaida: ikifika au kuzidi rudisha cha kulia, isipofika songesha cha kushoto, usisimame mpaka vidole vikutane. Inabaki 44,500 peke yake.

Kama risiti zilizounganishwa zilikuwa tatu, shika moja uiweke pembeni, uitoe kwenye lengo, halafu tembeza vidole kwenye zilizobaki, urudie kwa kila risiti. Hapo kazi inapanda sana, laki moja sijaribu, labda za siku moja tu.