Bei huporomoka hata bila habari mbaya

Wenye hisa wengi hujiambia: "Bei ya hisa haiporomoki bila habari mbaya, nikizisikia tu, nitauza."

Ili bei iporomoke, inatosha wanunuzi wapya wapungue, hasa pale watu walipokopa ili wanunue. Chukua mwenye hisa za 100,000: fedha zake 20,000, mkopo 80,000, na mkopeshaji anataka sehemu ya mwenye hisa isiwe chini ya asilimia 20 ya thamani ya hisa. Bei ikishuka asilimia 10, hisa ni 90,000, deni ni lilelile, yeye amebaki na 10,000. Ili arudi kwenye asilimia 20, lazima auze hisa za 40,000 apunguze deni. Wenzake wanalazimika kuuza saa ileile, bei inashuka zaidi, na wakopaji wengine wanabanwa. Ukija kuuza zako, hakuna mnunuzi kwa bei ya jana. Mporomoko wa namna hii ulitokea New York: tarehe 28 na 29 Oktoba 1929, fahirisi ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa, ilipoteza karibu robo ya thamani yake.