Ratiba ya zamu inayotosha saa za msongamano bila kuvuka asilimia ya mishahara

Nikiitwa kwenye mgahawa ambao gharama ya wafanyakazi imepanda, mara nyingi meneja ananipokea na malalamiko mawili kwa pamoja: anasema ana watu wengi mno, na anasema mchana wanazidiwa. Yote mawili huwa ni kweli. Kosa lipo kwenye umbo la ratiba, na ukianza kwa kupunguza watu kabla hujaligusa umbo hilo, utaumiza mauzo na asilimia itabaki pale pale.

Nichukue Jumamosi moja ya mgahawa niliousaidia. Fedha sitaitaja jina, maana cha kutazama hapa ni uwiano. Walifungua saa 3 asubuhi na kufunga saa 3 usiku, na wafanyakazi walikuwepo kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku kwa maandalizi na usafi. Ratiba ilikuwa na zamu mbili za saa saba saba, watu 7 asubuhi na watu 7 jioni, wakipokezana saa 9 alasiri. Jumla ni saa 98 za kazi. Saa moja ya mfanyakazi iligharimu 5, ukihesabu mshahara pamoja na michango ya hifadhi ya jamii, likizo na chakula cha kazini. (Wengi hupiga hesabu kwa mshahara mtupu, halafu mwisho wa mwezi wanashangaa.) Kwa hiyo 490, ukiongeza 110 ya meneja ambayo haibadiliki, unapata 600. Mauzo ya siku yalikuwa 2,060. Gharama hiyo ni asilimia 29 ya mauzo, na lengo lao lilikuwa 25.

Hatua ya kwanza ni kuigeuza asilimia iwe saa, kwa sababu ratiba huandikwa kwa saa. Robo ya 2,060 ni 515. Toa 110 ya meneja, inabaki 405. Gawanya kwa 5: saa 81. Hilo ndilo fungu lako la siku, na kila zamu unayoiandika inakatwa humo.

Hatua ya pili ndiyo inayoponyoka wengi. Unahitaji kujua kila saa inadai watu wangapi, na njia ya kawaida ni kuchukua mauzo ya saa hiyo kutoka kwenye mashine ya risiti, ukagawanya kwa kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kuhudumia. Pale tuliona kwamba timu ikiwa na kazi nyingi lakini haijachelewesha oda, kila mtu, jikoni na mezani kwa pamoja, hubeba mauzo ya 40 kwa saa. Sasa tazama mashine ilivyosema: saa 6 hadi saa 7 mchana, 280. Saa 7 hadi saa 8, tena 280 na ushee. Saa 1 usiku hadi saa 2, vile vile. Tukarudi nyuma Jumamosi sita, na namba ikawa inazunguka hapo hapo.

Wateja hawaji kwa mpangilio wa namna hiyo. Mauzo ya saa za msongamano hupanda na kushuka kila wiki, na yakiganda kwenye namba moja ujue yamegonga dari. Watu 7 mara 40 ni 280. Mashine haikuwa inapima wateja waliokuja, ilikuwa inapima uwezo wa ratiba. Ukiitumia kupanga ratiba mpya, itakuambia saa 7 mchana inahitaji watu 7, nawe utaandika kosa lile lile kwa mwandiko mzuri zaidi.

Nilisimama karibu na mlango Jumamosi mbili nikiwa na karatasi, nikahesabu waliochungulia na kuondoka, na waliokaa wakanyanyuka kabla ya kuagiza. Kati ya saa 7 na saa 8 walioondoka walikuwa na thamani ya mauzo kama 80. Yaani saa ile ilidai 360, sawa na watu 9. Saa 6 ilidai 8, na saa 1 usiku 8. Upande wa pili, saa 4 asubuhi mauzo ya 80 yangebebwa na watu wawili. Tuliweka 3 kwa sababu chini ya hapo jiko, kaunta na meza haviwezi kwenda pamoja, lakini ratiba ya zamani iliweka 7. Wanne walikuwa wanapanga vijiko.

Kanuni niliyoifuata ni hii: fungu la saa nalihesabu kwa mauzo yaliyokwisha kuonekana, lakini umbo la ratiba nalifuata kwenye mahitaji halisi. Ukipanga fungu kwa mauzo unayoyatumaini, wiki mbaya moja tu itakutoa nje ya lengo.

Zamu zikatoka hivi. Watu 3 waliingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 9 alasiri. Wawili waliingia saa 5 hadi saa 9, na mmoja saa 6 hadi saa 10. Watatu wakawa mhimili wa siku: saa 6 mchana hadi saa 2 usiku, na kila mmoja alipata saa nzima ya mapumziko yasiyolipwa kati ya saa 9 na saa 12 jioni, kwa zamu, hivyo walilipwa saa saba. Watatu wa kufunga waliingia saa 10 hadi saa 4 usiku, na wawili wa kuongeza nguvu saa 11 jioni hadi saa 3 usiku. Watu ni 14, kama zamani, lakini saa zimekuwa 80. Mchana wapo 9, saa 1 usiku wapo 8, na saa 9 alasiri wamebaki 3.

Gharama ni 400 na 110, yaani 510. Hata mauzo yasingeongezeka hata kidogo, ingekuwa asilimia 24.8. Wiki chache baadaye siku ilifika 2,150, na asilimia ikashuka hadi 23.7. Ishara niliyoitafuta haikuwa hiyo, ila kwamba namba ya saa 7 mchana ilianza kuyumba: wiki hii 330, wiki nyingine 355. Dari lilikuwa limeondoka.

Zamu fupi zina gharama yake, na anayeibeba ni mfanyakazi. Mtu aliyekuwa na saa 7 akipewa 4, kipato chake kimekatwa. Tuliuliza kwanza nani anazitaka. Wanafunzi wawili na mama mmoja mwenye mtoto mdogo walizichukua kwa hiari, na zilizobaki tulizizungusha ili mtu yule yule asipewe kila wiki. Zamu ya chini ya saa nne siiandiki kamwe. Nauli na muda wa njiani vinaila yote, na mtu huyo ataacha kazi, kisha utaanza kufundisha mgeni kwa saa ambazo hukuzipangia.

Usiihukumu asilimia kwa siku moja. Jumanne yenye mauzo madogo bado inadai wale watu 3 wa lazima, na itavuka 25 hata ratiba ikiwa safi. Jumlisha wiki nzima, Jumamosi ibebe Jumanne. Na mauzo yakilegea katikati ya siku, usimgeuze mlangoni mtu aliyekwisha fika kazini. Uliza kama kuna anayependa kuondoka mapema, kisha sahihisha makadirio ya wiki ijayo.