Mahali pa kuweka kihisi joto katika kitalu nyumba chenye feni

Kitalu nyumba ninachokieleza hapa kiko Morogoro, kina upana wa mita 8, urefu wa mita 15 na kimo cha wastani cha mita 3, nacho kimepandwa nyanya. Mwenyewe aliniita kwa sababu feni ilikuwa ikiwaka saa moja na nusu asubuhi, umande ungali juu ya majani, kisha saa tisa alasiri, wakati ndani hapakaliki, ikawa inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache. Alikuwa amekwisha kubadilisha rilei mara mbili. Rilei hazikuwa na kosa.

Kihisi kilikuwa kimefungwa kwenye nguzo ya chuma upande wa mashariki, karibu kabisa na matundu ya kuingizia hewa. Asubuhi jua la chini lilikipiga moja kwa moja kupitia nailoni, hivyo kikapima joto la mwili wake chenyewe badala ya joto la hewa. Alasiri kilikuwa kivulini, lakini kila feni ya upande wa magharibi ilipoanza kuvuta, hewa mbichi ya nje ilikipita kwanza, nacho kikatoa taarifa kwamba kitalu kimepoa ilhali nyanya za katikati bado zilikuwa zinaungua. Ukitaka kujua kama kihisi chako kina kasoro ya kwanza, kikinge jua kwa kipande cha kadibodi bila kukigusa, usubiri dakika kumi. Kipimo kikishuka kwa zaidi ya nyuzi moja hivi huku hali ya hewa haijabadilika, kilikuwa kinapima jua.

Tulikihamishia katikati ya kitalu, kikining'inia kwa kamba usawa wa vichwa vya mimea, na kamba hiyo hupandishwa kadiri nyanya zinavyorefuka. Tulikitia ndani ya kipande cha bomba jeupe la plastiki kilichozungukwa na bomba jingine pana zaidi, na mwishoni tukafunga feni ndogo ya kompyuta ya volti 12. Feni hiyo sharti ivute hewa ipite kwenye kihisi kwanza, kwa maana ikisukuma, joto la mota yake litaingia katika kipimo.

Baada ya hapo ndipo ilipofaa kupanga vizingiti. Dirisha la paa hufunguka kwenye nyuzi 25, na hewa moto hupanda na kutoka yenyewe bila umeme mwingi. Feni huwaka kwenye nyuzi 29 na haizimi mpaka joto lishuke hadi 26, kwani bila pengo hilo ingewaka na kuzima hovyo. Kitalu hiki kina mita za ujazo 360, na kwa kanuni ya kubadilisha hewa yote mara moja kwa dakika, feni inapaswa kutoa takriban mita za ujazo 21,600 kwa saa.

Jambo linalosahaulika ni kwamba feni ikiwaka, dirisha la paa lazima lifungwe. Likibaki wazi, feni huvuta hewa kutoka kwenye tundu lililo karibu, yaani paani, na mimea ya upande wa mbali haipati kitu. Kwa sababu hiyo sikubali kifungua dirisha cha nta mahali penye feni: nta hutanuka na kusinyaa kwa kufuata joto lake, taratibu, wala haipokei amri ya mtu. Penye madirisha matupu, nakisifu sana.

Wavu wa kivuli tuliuweka nje, juu ya nailoni, kwa sababu ukiwa ndani, hasa ule mweusi, hunyonya jua na kuliachia joto humo humo. Hujitandaza pale tu joto linapofika nyuzi 31 na kihisi cha mwanga nacho kinapothibitisha kuwa jua ni kali. Kuuendesha kwa joto peke yake huiba mwanga siku za mawingu na fukuto, siku ambazo kivuli hakipozi chochote. Hata hivyo, feni haiwezi kuishusha hewa ya ndani chini ya ile ya nje. Nje pakiwa na nyuzi 33, tusitarajie 28.

Limebaki la waya kukatika. Kihisi chetu ni cha aina ya DS18B20: kikipoteza mawasiliano, programu inayoongoza feni hupokea -127, na kikisomwa kabla hakijamaliza kipimo chake cha kwanza hutoa 85. Programu ya awali iliisoma -127 kama baridi kali, ikazima feni.

```
sensors.requestTemperatures();
float t = sensors.getTempCByIndex(0);
if (t == -127.0 || t == 85.0) hitilafu();
else if (t >= 29.0) feniWasha();
else if (t <= 26.0) feniZima();
```

Ndani ya `hitilafu()` feni huwaka, dirisha la paa hufungwa, na king'ora hulia. Nilichomoa waya mbele ya mwenyewe saa sita mchana. Feni ikaanza kuzunguka kabla sijaushusha mkono.